Grafu juu, derivativu chini: kusoma mwinamo kwa maji ya bamvua ya Tanga

Mwanafunzi wa kidato cha tano akishazishika kanuni, ukimpa x³ anakurudishia 3x² bila hata kuinua kichwa. Mpe mstari uliopinda usio na fomula, mwambie achore derivativu yake hapo chini, uone penseli inavyosimama. Wengi huishia kuchora mstari uleule kwa mara ya pili, ila mdogo kidogo. Wengine hujiandikia fomula ya kubuni ili tu wapate cha kutofautisha. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja: grafu iwe juu, derivativu iwe chini yake, na kila saa uweze kusema kwa maneno mwinamo wa pale una maana gani. Mwinamo ni ile gredienti ya darasani, yaani kiasi ulichopanda kugawanya kwa kiasi ulichokwenda.

Kwa mfano nimechukua maji ya bahari. Mtoto aliyekulia Sahare au Raskazone tayari anajua majibu mengi kabla hajashika rula, na hilo linasaidia kumnasa anapochora kitu kisichowezekana.

## Namba zenyewe

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku yanasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, Tanga maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, ndipo unawaona watu wa kuchokoa pweza wako mbali kabisa mwambani, kisha hujaa kwenye saa kumi jioni.

Jedwali hili nimelitengeneza kwa ajili ya somo, kwa bamvua ya kawaida tu. Nimekata dakika za ziada ili toka kupwa hadi kujaa ziwe saa 6 kamili.

| Saa (t) | Kina, mita (h) |
|---|---|
| 4 | 0.20 |
| 5 | 0.44 |
| 6 | 1.10 |
| 7 | 2.00 |
| 8 | 2.90 |
| 9 | 3.56 |
| 10 | 3.80 |
| 11 | 3.56 |
| 12 | 2.90 |
| 13 | 2.00 |
| 14 | 1.10 |
| 15 | 0.44 |
| 16 | 0.20 |

Saa ni zetu za Kiswahili, ila baada ya 12 usirudi kwenye 1. Saa moja usiku iandike 13, saa mbili 14, na kuendelea. Ukirudi kwenye 1 mstari wako utaruka nyuma na hesabu ya mwinamo itavurugika. Ukitumia jedwali la maji la bandarini, lenye saa za 1000 na 1600, toa 6 tu: inakuwa saa 4 na saa 10.

## Kuandaa karatasi

Chukua karatasi ya grafu uisimamishe wima. Sehemu ya juu chora mhimili wa muda kuanzia 4 hadi 16, sentimita 1 kwa saa 1. Wima, kina cha maji kuanzia 0 hadi 4, sentimita 2 kwa mita 1. Acha nafasi, kisha chini yake chora mhimili wa muda mwingine wenye kipimo kilekile, na saa 4 ya chini ikae sawasawa chini ya saa 4 ya juu. Hapo usibahatishe. Mchoro wa chini ukisogea hata nusu sentimita, kazi yote imeharibika, kwa sababu tutakuwa tunashusha mistari ya wima toka juu hadi chini.

Wima wa mchoro wa chini hauna mita. Una mita kwa saa. Uanzie −1, upite 0 katikati, uishie +1, kwa sentimita 4 kwa kila kizio. Nawalazimisha wanafunzi waandike "mita kwa saa" pembeni kabla ya kuchora chochote, maana ukishaandika hivyo unaona mwenyewe kwamba 3.80 haina pa kukaa huku chini.

Sasa weka nukta 13 za jedwali kwenye mchoro wa juu, uziunganishe kwa mkono, mstari laini. Rula weka kando kwanza. Ukiunganisha nukta kwa rula, utapata mstari wa vipande vilivyonyooka vyenye kona karibu kila saa, na derivativu ya kitu hicho ni ngazi: 0.24 kwa saa nzima ya kwanza, halafu ghafla 0.66, halafu ghafla 0.90. Kwenye kila kona derivativu haipo kabisa, kwa sababu mwinamo unaokuja nao toka kushoto si ule unaoondoka nao kulia. Bahari haijai kwa ngazi namna hiyo. Ukiona mchoro wa chini wa mwanafunzi umekuwa ngazi, usihangaike na hesabu yake, angalia kwanza aliunganishaje nukta za juu.

## Anza na sifuri

Usianze kuchora derivativu toka kushoto kwenda kulia. Anza na sehemu ambazo jibu lake ni 0, kwa sababu hizo hazihitaji hesabu. Tafuta kwenye mchoro wa juu mahali ambapo rula ikiugusa mstari inalala sambamba na mhimili wa muda. Ziko tatu: saa 4, maji yalipopwa kabisa, saa 10, yalipojaa kabisa, na saa 16, yalipopwa tena. Teremsha mistari ya nukta nukta toka hapo hadi chini, na kwenye mhimili wa chini weka alama tatu nzito za sifuri.

Ni hapa swali linapokuja kila mwaka, na linakuja kwa maneno karibu yaleyale.

"Mwalimu, saa kumi maji ndiyo mengi kuliko wakati wote. Mbona huku chini unaweka sifuri?"

"Mwanangu, saa kumi kasoro dakika tano na saa kumi na dakika tano, ukisimama pale kwenye nguzo utaona tofauti gani?"

"Hakuna. Yametulia."

"Basi. Chini hatuandiki maji ni mengi kiasi gani. Tunaandika yanaongezeka kiasi gani."

Na namba zinamuunga mkono. Ukitumia fomula nitakayoitoa mbele, saa kumi kasoro dakika tano kina ni 3.798, saa kumi kamili 3.800, na saa kumi na dakika tano kimerudi 3.798. Milimita mbili. Hata mtu mwenye macho makali haoni hilo kwenye bahari yenye viwimbi.

Saa 4 ni vivyo hivyo, ila watu hukosea kwa njia nyingine. Kina ni 0.20, kidogo sana, kwa hiyo mtu anaona sifuri ya chini ina maana kwamba maji karibu yameisha. Hapana. Ingekuwa maji yamepwa yakaishia mita 5, sifuri ingekuwa palepale. Saa 4 na saa 10 zina kina tofauti kwa mita 3.60, lakini mwinamo wao ni mmoja.

## Gawanya kwa ishara

Sifuri zikishakaa, zimeukata muda vipande viwili. Toka saa 4 hadi 10 mstari wa juu unapanda, basi mchoro wa chini wote utakuwa juu ya mhimili, chanya. Toka saa 10 hadi 16 unashuka, basi wa chini wote utakuwa chini ya mhimili, hasi. Andika + na − kwa penseli hafifu kwenye vipande hivyo kabla ya kupima chochote.

Haraka hapa ni ya kuepuka. Kuna wanaochora kipande cha pili nacho juu ya mhimili, kwa hoja kwamba maji ya kupwa yanakimbia kwa mbio zilezile. Mbio ni zilezile, kweli. Lakini derivativu inabeba na upande: kuongezeka ni chanya, kupungua ni hasi. Ukiondoa ishara unakuwa umesema maji yamejaa mita 3.6 mchana na yakajaa mita 3.6 nyingine jioni, na Raskazone yote ingekuwa chini ya maji.

## Kupima mwinamo kwa tanjenti

Sasa rula inarudi. Tutapima mwinamo kwenye saa 7 kwa ukamilifu, halafu nyingine zitafuata.

Weka ukingo wa rula kwenye nukta ya saa 7, kina 2.00. Izungushe taratibu mpaka ilale kwenye mwelekeo uleule ambao mstari unao pale unapopita. Kama macho yanakudanganya, chukua kioo kidogo kisicho na fremu ukisimamishe kwenye karatasi, kikate mstari pale kwenye saa 7. Kizungushe mpaka mstari na taswira yake kwenye kioo viungane bila kona. Chora mstari kando ya kioo: huo umesimama pembe mraba na tanjenti. Kisha chora tanjenti yenyewe kwa seti skwea. Njia hii inaonekana ya kitoto lakini inashinda macho matupu, hasa mahali mstari unapopinda sana.

Chora tanjenti ndefu. Wanafunzi wengi huchora kijistari cha sentimita moja kisha wanasoma ncha zake, na kosa dogo la kusoma linakula jibu lote. Yangu ya saa 7 nimeivuta toka saa 5 hadi saa 9. Kwenye saa 5 tanjenti iko 0.12, kwenye saa 9 iko 3.88. Imepanda 3.76 kwa saa 4, na 3.76 gawanya kwa 4 ni 0.94. Mwinamo wa saa 7 ni mita 0.94 kwa saa.

Angalia nilichosoma ni ncha za tanjenti. Mstari wa maji wenyewe saa 5 uko 0.44, na saa 9 uko 3.56. Ukisoma hizo unapata 3.12 gawanya kwa 4, yaani 0.78. Huo ni wastani wa saa nne nzima. Mwinamo wa saa 7 ni kitu kingine.

Sasa yaseme kwa maneno, maana ndiyo kazi yenyewe: saa saba mchana maji yanapanda kwa kasi ambayo, kama ingebaki vilevile saa nzima, ingeongeza sentimita 94. Maneno "kama ingebaki vilevile" usiyaache. Haibaki vilevile. Kutoka saa 7 hadi 8 maji yameongezeka 0.90 tu, kwa sababu kasi ilikwishaanza kupungua. Kwa dakika kumi hivi, hesabu inakaa karibu sana na ukweli: 0.94 gawanya kwa 6 ni kama sentimita 16. Mtu aliyeacha ndala zake mchangani saa saba, akienda kununua mihogo, anaelewa sentimita 16 za kina kwenye ufukwe uliolala ni hatua ngapi za mchanga.

Rudia kwa saa 6. Tanjenti ya pale inapita 0.28 kwenye saa 5 na 2.73 kwenye saa 8. Imepanda 2.45 kwa saa 3, inatoa 0.82. Saa 8 inatoa 0.82 pia, kwa sababu mstari wa juu unalingana pande zote za saa 7. Saa 5 na saa 9 zinatoa 0.47. Upande wa kupwa namba ni hizohizo zenye alama ya hasi: saa 11 ni −0.47, saa 12 ni −0.82, saa 13 ni −0.94, saa 14 ni −0.82, saa 15 ni −0.47.

Kabla ya kuendelea, onyo kuhusu macho. Kwenye karatasi yetu saa 1 ni sentimita 1 na mita 1 ni sentimita 2. Kwa hiyo mstari uliolala nyuzi 45 haumaanishi mwinamo wa 1. Unapanda sentimita 1 kwa kila sentimita 1, ambayo ni nusu mita kwa saa. Ukibadili kipimo cha wima, ukali wa mstari machoni unabadilika na bahari haijabadilika hata kidogo. Usipime mwinamo kwa kipima pembe. Soma namba za mhimili, ugawanye.

## Kuunganisha mchoro wa chini

Weka nukta ulizopata chini ya saa zake, uziunganishe kwa mkono. Utaona kilima kimoja toka saa 4 hadi 10, kilele chake saa 7, kisha shimo moja toka saa 10 hadi 16, kina chake kikubwa saa 13.

Soma sasa michoro miwili kwa pamoja, saa moja baada ya nyingine, kidole kimoja juu na kingine chini. Saa 4 juu uko chini kabisa, chini uko kwenye sifuri. Saa 7 juu uko katikati tu, kina cha mita 2.00 ambacho hakina sifa yoyote, na chini ndiyo kileleni. Saa 10 juu kileleni, chini sifuri. Vilele havikutani. Kilele cha mchoro wa chini kinatangulia cha juu kwa saa tatu, na mvuvi yeyote anajua hilo kwa miguu yake: maji hukimbia yakiwa nusu, yakikaribia kujaa yanatambaa.

Saa 7 ina jambo jingine la kutazama. Kabla yake mstari wa juu umepinda kama bakuli, na tanjenti inakaa chini ya mstari. Baada yake umepinda kama bakuli lililofudikizwa, na tanjenti inakaa juu. Saa 7 yenyewe tanjenti inaukata mstari ikivuka toka upande mmoja hadi mwingine. Ndipo mkunjo unapogeuka, na kila mkunjo unapogeuka juu namna hiyo, mchoro wa chini una kilele au shimo. Ukipima saa 7 ukakuta tanjenti haivuki mstari, rula imekaa vibaya.

Kipande kinachowasumbua watu zaidi ni saa 13 hadi 16. Mchoro wa chini pale unapanda, toka −0.94 kurudi 0. Mwanafunzi anaona mstari unaopanda anaandika "maji yanajaa". Maji hayajai. Tazama juu: yanatoka 2.00 hadi 0.20. Mchoro wa chini unapanda kwa sababu mbio za kupwa zinapungua, toka sentimita 94 kwa saa hadi sentimita 47, hadi hakuna. Ukitaka kujua kama maji yanajaa au yanapwa, mchoro wa chini unauliza swali moja tu: uko juu ya mhimili au chini yake. Kupanda na kushuka kwake kunakueleza habari za kasi. Nimeona hata watu waliomaliza chuo wanajikwaa hapa.

Na sifuri za chini nazo zina tabia mbili. Saa 10 mstari wa chini unauvuka mhimili toka chanya kwenda hasi, basi juu kuna kilele. Ungevuka toka hasi kwenda chanya, juu kungekuwa na bonde. Lakini ukiugusa mhimili na kurudi upande uleule, juu hakuna kilele wala bonde. Chukua x³: derivativu yake 3x² inagusa sifuri kwenye x = 0 na kubaki chanya pande zote mbili, na x³ inapita pale ikilala kidogo halafu inaendelea kupanda. Bahari yetu haifanyi hivyo, ila mitihani inapenda.

## Ukipima mwenyewe baharini

Somo hili ni tamu zaidi mkipima wenyewe. Tafuteni nguzo ambayo hata maji yakipwa bado imesimama majini, mchore alama kila sentimita 10. Kwa kila usomaji, tazama wimbi likipanda na likishuka kwenye nguzo, uchukue katikati. Sifuri ya nguzo yenu ikiwa juu au chini kuliko ya bandari, msijali. Mchoro wa juu wote utasogea juu au chini, na wa chini hautasogea hata chembe, kwa kuwa kina cha kuanzia kinajifuta unapotoa.

Kinachoweza kuwaharibia ni kupima mara nyingi mno. Mwanafunzi makini hufikiri kwamba akisoma kila dakika 10 badala ya kila saa atapata mwinamo sahihi zaidi, maana darasani ameambiwa muda uwe mdogo, mdogo, mdogo. Kwa fomula ni kweli. Kwa nguzo yenye mawimbi, kila usomaji una kosa la sentimita 5 hivi juu au chini. Ukitoa usomaji mmoja kwa mwingine, kosa linaweza kufika sentimita 10. Gawanya kwa saa 1, ni sentimita 10 kwa saa, unaweza kuvumilia. Gawanya kwa dakika 10, yaani moja ya sita ya saa, kosa linakuwa sentimita 60 kwa saa, wakati kasi kubwa ya siku nzima ni 94. Mchoro wenu wa chini utakuwa meno ya msumeno, wakati wa juu unaonekana mzuri kabisa. Dalili ni hiyohiyo: juu laini, chini meno. Dawa ni kusoma kila dakika 30 au saa, kuchora mstari laini kati ya nukta, na kupima tanjenti za mstari huo.

Njia ya haraka bila tanjenti ni kuchukua saa moja nyuma na saa moja mbele, utoe, ugawanye kwa 2. Kwa saa 7: 2.90 toa 1.10 ni 1.80, nusu yake 0.90. Kwa saa 6: 2.00 toa 0.44, nusu yake 0.78. Kwa saa 5: 0.45. Zote ziko chini kidogo ya zile za tanjenti, kwa sababu njia hii inachanganya kasi ya saa yenyewe na za majirani zake na kuisawazisha. Kwa mchoro wa mkono inatosha.

## Kuhakiki kwa fomula, na mtego wa nyuzi

Jedwali langu limetoka kwenye fomula hii, yenye pembe za nyuzi:

```
h(t) = 2.0 - 1.8 cos(30°(t - 4))
```

Mita 2.0 ni kina cha katikati, 1.8 ni nusu ya tofauti ya kujaa na kupwa, na nyuzi 30 kwa saa zinamaliza mzunguko wa 360 kwa saa 12. Wengi wakitofautisha wanateremsha 30 mbele, wanapata 1.8 × 30 = 54. Soma jibu hilo kwa maneno uone: mita 54 kwa saa. Kanuni ya kutofautisha cos inafanya kazi kwa radiani tu, kwa hiyo nyuzi 30 lazima ziwe π/6, sawa na 0.5236:

```
h'(t) = 1.8 × 0.5236 × sin(30°(t - 4))
      = 0.94 sin(30°(t - 4))
```

Saa 7 pembe ni 90, sin yake 1, jibu 0.94. Saa 6 pembe ni 60, jibu 0.82. Zinaoana na rula.

Siku za maji mafu tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Tuseme ni mita 1.2 badala ya 3.6. Nusu yake ni 0.6, na 0.6 × 0.5236 ni 0.31. Tofauti imekuwa theluthi, na kasi kubwa nayo imekuwa theluthi. Saa za kujaa na kupwa siku hizo si hizi, lakini ukilinganisha kwa kuanzia kupwa, sifuri zinaangukia palepale: mwanzo, saa sita baadaye, na saa kumi na mbili baadaye. Kilima ndicho kimelala. Chora vyote viwili kwenye mhimili mmoja kwa penseli za rangi mbili.

## Kurudi juu toka chini

Mtihani wa kama mtu ameelewa ni kumficha mchoro wa juu. Mpe wa chini peke yake, umuulize maji yameongezeka kiasi gani toka saa 6 hadi saa 8.

Anachotakiwa kutafuta ni eneo lililo kati ya mstari na mhimili. Urefu wa wima ni mita kwa saa, wa mlalo ni saa, ukizidisha unabaki na mita. Toka saa 6 hadi 7 kasi ya wastani ni kama nusu ya jumla ya 0.82 na 0.94, yaani 0.88, kwa saa moja inatoa 0.88. Toka saa 7 hadi 8 ni 0.88 tena. Jumla 1.76. Funua mchoro wa juu: 2.90 toa 1.10 ni 1.80. Sentimita 4 zilizopotea ni zile pembe nyembamba zilizobaki kati ya mstari uliopinda na vipande vyetu vilivyonyooka. Ukihesabu namna hiyo toka saa 4 hadi 10, unapata 3.52 badala ya 3.60, kwa sababu hiyohiyo.

Toka saa 4 hadi 16 jumla inatoka 0. Eneo la juu ya mhimili na la chini yake vinafutana, na ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kina kimerudi 0.20 palepale. Kwa mchoro uliochorwa kwa mkono hicho ndicho kipimo cha haraka: hesabu miraba ya kilima, hesabu ya shimo, zikipishana sana kuna tanjenti uliyoisoma vibaya.

Ila muulize kina cha maji saa 8 ni mita ngapi, ukiwa bado umemficha mchoro wa juu. Mwanafunzi aliyeelewa atakuambia hawezi kujua mpaka umpe kina cha saa moja yoyote. Ukimpa kwamba saa 6 maji yalikuwa 1.10, atajumlisha 1.76 na kukupa 2.86.